Mvua imevunja siku ya kushuti Bagamoyo: imeili ya kuomba radhi na kupanga tarehe mpya iandikweje?

MratibuWaZamu

Wakuu habarini za jioni.

Nipo kwenye filamu fupi kama mratibu wa uzalishaji. Leo Jumamosi tulikuwa tushuti ufukweni Bagamoyo, sini tatu za mama anayemsubiri mumewe arudi baharini. Dairekta aliitaka siku hii kwa sababu maji yanakupwa sana asubuhi na unapata ule uwanja mkubwa wa mchanga wenye ngalawa zimelala. Timu ni watu ishirini na kitu, karibu wote wanatoka Dar.

Mvua ilianza usiku wa manane na upepo juu yake. Prodyuza alikuwa anaamini itakata, akasubiri mpaka saa 11 kasoro alfajiri ndipo akatuma ujumbe kwamba leo hakuna kazi. Wakati huo lori la jenereta lilishafika Bunju, na wadada wa mekapu walikuwa kituoni Mwenge wamelowa. Hasira zipo, ingawa hakuna aliyesema kitu kwenye kundi. Nyie mnajua ule ukimya.

Sasa nimeambiwa niandike imeili kwa timu nzima, iombe radhi na itoe tarehe mpya. Rasimu yangu hii hapa, naomba mniambie:

> Ndugu wanatimu,
>
> Kwa masikitiko makubwa tunapenda kuwataarifu kuwa kutokana na hali mbaya ya hewa iliyo nje ya uwezo wetu, zoezi la upigaji picha lililopangwa kufanyika leo limeahirishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.
>
> Tarehe mpya ni Jumamosi ijayo, muda uleule. Maelezo zaidi mtajulishwa.
>
> Ahsanteni kwa uvumilivu wenu.
>
> Uongozi

---

FundiTaa_Tabata

Mkuu, mimi ni mtu wa taa. Ukinitumia hiyo nitaelewa jambo moja tu: leo hakuna hela. "Nje ya uwezo wetu" tumeizoea, kila ikitajwa ujue posho imekufa. Halafu "Uongozi" ni nani? Kuna mtu ana jina hapo, aliyeniamsha saa 8 usiku nipakie nyaya. Yeye ndiye aniandikie.

---

WakiliWaMtaani

Mnamtisha kijana bure. Mvua ni majanga ya asili, hakuna mkataba unaomlazimisha mtu kulipa kazi ambayo haijafanyika kwa sababu ya Mungu. Tena mimi ningekushauri usiombe radhi kabisa. Ukishaandika "samahani" umekiri kosa, kesho watakuja na hiyo imeili wadai siku nzima. Toa taarifa, weka tarehe, malizia hapo.

---

HarusiHD

Pole sana ndugu yangu. Hili limenikuta na bwana harusi mmoja wa Kigamboni. Picha za ufukweni zilivunjika kwa mvua, akataka arudishiwe hela yote mpaka ya albamu. Dawa yake ni kuandika kwenye risiti kabla: hali ya hewa ikiharibika tunahamia ukumbini, malipo ya awali hayarudi. Mteja akishasaini anakuwa mpole. Wewe mteja wako alisaini?

---

MratibuWaZamu

HarusiHD asante kaka, ila mimi sina mteja hapa. Nawaandikia wafanyakazi wetu wenyewe, hao ndio tuliowaamsha usiku.

---

MamaRatiba

Mwanangu, nimekaa na ratiba za filamu muda mrefu kama msaidizi wa kwanza wa dairekta, nikuambie nionavyo.

Kosa la rasimu yako si lugha. Inaomba radhi kwa kitu kisicho chako na inanyamazia kilicho chako. Mvua hukuinyesha wewe, na kila mtu aliiona dirishani kwake, kwa hiyo aya nzima ya masikitiko juu ya hali ya hewa haimwambii mtu lolote. Kilichowaudhi ni saa. Lori limeshafika Bunju ndipo mnasema rudini. Radhi iombwe hapo na itajwe hivyohivyo: tulichelewa kuamua, tukawatoa nyumbani mvua ikinyesha.

Na uamuzi ulikuwa na mahali pa kushika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa siku tano, wenye rangi na maneno yake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Msimu huu wa vuli, ukanda wa Pwani, Dar na Tanga hutajwa mara kwa mara. Sijaona ya wiki yenu, lakini kwa upepo na mvua kama hiyo ningeshangaa kama hapakuwa na kitu tangu Ijumaa. Mtu wa filamu asisome neno la mvua peke yake. Kwa sini ya ufukweni asome na pale wanapoandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Mvua ya nusu saa unaweza kuingoja chini ya turubai. Upepo ule unaangusha stendi za taa, unaua sauti ya waigizaji, na mwenye ngalawa mwenye akili hakubali kuisukuma majini. Upepo ndio unaovunja siku.

WakiliWaMtaani, umepatia nusu. Kama mkataba una kipengele cha majanga, kifuatwe. Lakini wengi hapa wanafanya kazi kwa ujumbe wa simu, hakuna kipengele chochote. Na hata kingekuwepo, mvua ya Novemba pwani ni kitu cha kushtukiza? Aliyepanga kushuti nje wakati wa vuli bila sini ya ndani ya akiba, amecheza kamari kwa hela za wenzake.

Kuhusu kukiri kosa: watu walishajua saa ngapi ujumbe uliingia, simu zao zimeandika. Humfichi mtu.

---

FundiTaa_Tabata

Sini ya ndani ya akiba ndiyo habari. Kuna prodyuza mmoja tulikuwa tukienda nje, siku zote ana chumba kimekaa tayari na waigizaji wawili wanajua mistari. Ikinyesha tunageuza gari, tunashuti ya chumbani, siku haijafa na mtu analipwa kamili.

---

KilifiSauti

Niko upande wa Kenya, sauti. Huku kwetu mambo hutegemea umeajiriwa na nani, lakini kwa kazi za matangazo ya kampuni kubwa, siku ikifutwa mtu ameshatoka nyumbani huwa analipwa siku nzima. Ikifutwa jioni iliyotangulia, nusu. Ikifutwa siku mbili mbele, hakuna kitu na hakuna kinyongo. Kwa filamu ndogo za marafiki watu husikizana tu. Jambo ni kwamba kiwango kijulikane kabla mvua haijanyesha. Ukianza kukijadili baada ya mvua, kila mtu ana kiwango chake.

Na kingine, angalieni jinsi mnavyoandika saa kama kuna mgeni kwenye timu. Niliwahi kuona kameramani kutoka Afrika Kusini ameandikiwa "tuondoke saa 11 alfajiri", akaingia kwenye kikokotoo chake akaja saa tano asubuhi akiwa msafi kabisa, amekunywa chai.

---

WakiliWaMtaani

Siku nzima kwa mtu aliyerudi kulala? Basi tuombe mvua wote.

---

MamaRatiba

Aliyerudi kulala saa 12 asubuhi baada ya kuamka saa 8 usiku, na siku hiyo alishakataa kazi nyingine kwa ajili yako. Hiyo ndiyo inayolipwa, mwanangu. Hukununua jasho peke yake, ulinunua Jumamosi yake.

Mratibu, rudi kwa prodyuza kabla hujatuma chochote. Pata namba. Imeili ya radhi isiyo na namba inazua hasira mpya. Hata kama ni nusu siku na nauli, iandikwe ni kiasi gani, italipwa lini na kwa njia gani. Asipokupa namba, usitume leo, tuma ujumbe mfupi kwamba maelezo ya malipo na tarehe yanakuja kesho saa fulani.

---

Mzee_wa_Dunda

Nimesoma kimya mpaka sasa. Mimi si mtu wa filamu, ni mtu wa Bagamoyo, baharini nimeingia tangu utoto. Nina swali moja kwa kijana. Umesema mlitaka maji yaliyokupwa asubuhi. Sasa hiyo "Jumamosi ijayo muda uleule" umemuuliza nani?

---

MratibuWaZamu

Shikamoo mzee. Dairekta alisema tu turuke wiki moja, kila mtu abaki na siku yake ya Jumamosi. Kuna tatizo?

---

Mzee_wa_Dunda

Marahaba. Tatizo lipo kubwa. Mtakuja kupiga picha maji yamejaa.

Sikiliza. Leo tupo kwenye bamvua, zile siku maji hujaa sana na kukupwa sana, mwezi umeandama juzi tu. Siku za bamvua, pwani yetu hii maji hukupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa alfajiri na jioni. Leo kupwa ilikuwa saa 5 kasoro hivi. Kila siku maji yanachelewa kwa kiasi cha robo tatu ya saa au zaidi kidogo. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Kwa hiyo Jumamosi ijayo ile saa 5 ambayo leo mchanga ulikuwa mtupu, ndiyo saa maji yamejaa. Kupwa itakuwa alfajiri na jioni. Na hata hiyo jioni msitegemee uwanja, maana itakuwa maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana. Ngalawa zitakuwa zinaelea, hazilali.

Mkitaka bahari ileile, rukeni wiki mbili. Mwezi ukiwa mpevu bamvua inarudi. Jumamosi ya pili kuanzia leo, kupwa itakuwa kama saa 4 na robo. Jumapili yake saa 5 kasoro, sawa na leo. Nafasi ya kufanya kazi mchangani ni kama saa mbili kabla ya kupwa na saa mbili baada yake, halafu ondokeni, maji ya bamvua yakigeuka yanakuja mbio na yanapita nyuma yenu kwenye vijito kabla hamjayaona mbele. Nimeona watu wakibeba spika kichwani.

---

FundiTaa_Tabata

Mzee heshima yako. Hapa tungekuja na jenereta tukashuti maji yamejaa hadi kwenye mikoko.

---

MamaRatiba

Mzee ahsante sana, hili ndilo lililokuwa linakosekana. Mratibu, umeona? Tarehe mpya haiwekwi kwa kuruka Jumamosi moja. Angalia pia jedwali la maji la bandari ya Dar ili dakika ziwe sahihi, tofauti ya Bagamoyo si kubwa.

Lakini naongeza la picha. Dairekta ana vipande vyovyote vilivyoshutiwa tayari pale? Baada ya mvua kubwa Mto Ruvu unamwaga tope kaskazini ya mji, na maji ya mbele ya Bagamoyo yanakuwa kahawia siku kadhaa. Kama alishachukua bahari ya buluu, wiki moja baada ya gharika rangi isingefanana hata kama maji yangekubali. Wiki mbili zina nafuu, ikiwa haitanyesha tena huko bara.

---

MratibuWaZamu

Tuna picha za bahari tulizochukua mwezi uliopita siku ya kutembelea lokesheni. Buluu kabisa. Dairekta anazitaka mwanzoni mwa filamu.

Halafu kuna sini moja ya soko, mama anapita kwenye dagaa walioanikwa na kina mama wanaopakua. Hatujaleta ekstra, tulikuwa tutumie watu wa pale waliopo kazini, tulishaongea na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe.

---

Mzee_wa_Dunda

Hapo sasa mwanangu nakupa habari mbaya. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Leo ni giza, ndiyo maana mngekuta dagaa tele. Wiki mbili mbele ni mbalamwezi. Boti za ringi neti siku zile zinapumzika, watu wanashona nyavu, wengine wamekwenda makwao. Vichanja utavikuta, dagaa wachache au hakuna. Bahari utapata, soko hupati.

Mkitaka vyote viwili, ngojeni mwezi uandame tena. Ni kama siku ishirini na tisa au thelathini kutoka leo.

---

KilifiSauti

Kwa hivyo siku moja imegawanyika kuwa mbili. Hii ndiyo sababu watu wa ratiba hulala na kalenda ya mwezi.

Ningesema sini ya soko itolewe kwenye ile siku. Shutini ngalawa wiki mbili zijazo, soko lishutiwe kivyake na watu wachache, kamera na mwigizaji mmoja na mtu wa sauti. Soko halihitaji kupwa.

---

WakiliWaMtaani

Au mnunue dagaa Kariakoo mkaanike wenyewe. Gunia mbili zinatosha mbele ya kamera.

---

FundiTaa_Tabata

Dagaa mkavu akianikwa tena anajulikana. Yule wa boti anang'aa, ana maji. Kamera inaona.

---

MamaRatiba

Dagaa ni la dairekta, tusimwamulie. Imeili haiwezi kungoja dagaa. Mratibu, kabla ya kuandika tarehe yoyote, nenda ukaulize kwa mpangilio huu: mwigizaji mkuu, mwenye ngalawa, mwenye jenereta. Hao watatu wakikataa hakuna siku. Waliobaki unaweza kumbadilisha mtu. Angalia pia tarehe zilizoandikwa kwenye kibali chenu cha Bodi ya Filamu na barua ya serikali ya mtaa. Kama kibali kinaishia kati ya wiki hizo mbili, omba tarehe ziongezwe kabla hujamwita mtu.

Na weka saa ya uamuzi. Mtu wa kwanza kutoka nyumbani ni nani?

---

MratibuWaZamu

Dereva wa lori la jenereta. Anaondoka Tabata saa 9 usiku ili awe Bagamoyo mapema, kuna foleni ya malori njiani.

---

MamaRatiba

Basi uamuzi ufanywe kabla huyo hajalala. Mimi ningesema saa 2 usiku wa kuamkia kazi. Utabiri wa jioni umeshatoka, mwenye ngalawa ameshatazama mbingu zake, na mtu akiambiwa hakuna kazi bado anaweza kumpigia mwingine akapata kibarua cha kesho. Baada ya saa 2, mkivunja, mnalipa siku. Andika hivyo kwenye imeili. Prodyuza atachukia, lakini ataamua mapema.

---

MratibuWaZamu

Wakuu, nimetoka kwenye simu na prodyuza. Mwanzoni alisema nauli tu. Nikamsomea yale ya KilifiSauti na FundiTaa, akakubali nusu siku kwa wote, na dereva na wenye mekapu siku nzima kwa kuwa walishakuwa njiani. Kuhusu saa 2 usiku alinung'unika, akakubali. Mwigizaji na mwenye ngalawa wako huru Jumamosi ya pili, jenereta ananijibu kesho. Kibali kinatufikisha. Rasimu mpya:

> Kichwa: Siku ya Bagamoyo iliyovunjika: malipo ya leo na tarehe mpya (naomba jibu kabla ya Jumanne saa 12 jioni)
>
> Ndugu zangu,
>
> Leo tulivunja siku saa 11 kasoro alfajiri, wakati baadhi yenu mlikuwa barabarani na wengine mmeshapakia vifaa. Dalili za mvua na upepo zilikuwepo tangu jana, na uamuzi ule tulipaswa kuufanya jana usiku. Kwa kuwatoa nyumbani kwenye mvua bila kazi, tunaomba radhi.
>
> Malipo ya leo: kila aliyekuwa kwenye ratiba atalipwa nusu siku. Waliokwisha kuondoka kwa lori na timu ya mekapu watalipwa siku nzima. Hela itatumwa kwa simu Jumatatu kabla ya saa 10 jioni. Aliyetumia nauli ya ziada anitumie kiasi chake, italipwa pamoja.
>
> Tarehe mpya ni Jumamosi baada ya hii ijayo, yaani wiki mbili kutoka leo. Wiki ijayo haifai kwa sababu saa zetu za kazi maji yatakuwa yamejaa. Siku hiyo maji yatakupwa kama saa 4 na robo asubuhi, kwa hiyo tutaanza mapema kuliko ilivyokuwa leo: kamera iwe tayari saa 2 asubuhi na tuwe tumetoka mchangani kabla ya saa 6 mchana. Jumapili yake ni siku ya akiba, itatumika tu kama Jumamosi itavunjika.
>
> Tarehe hii bado haijathibitishwa, nasubiri jibu la jenereta. Nitaithibitisha Jumatano saa 4 asubuhi. Mpaka hapo naomba mniwekee siku hizo mbili. Kama umepata kazi nyingine siku mojawapo, niambie bila wasiwasi, hatutakuhesabia ubaya.
>
> Kuanzia sasa uamuzi wa hali ya hewa utafanywa saa 2 usiku wa kuamkia kazi, na kila mtu atapigiwa simu au kutumiwa ujumbe. Tukivunja baada ya saa hiyo, utalipwa siku nzima.
>
> Sini ya soko haimo kwenye siku hii. Tutaipangia siku yake na nitawaandikia wanaohusika.
>
> Nijibu mimi peke yangu, si kwa wote: (1) Jumamosi upo? (2) Jumapili ya akiba upo?

Chini naweka jina langu na la prodyuza. Mnaonaje?

---

FundiTaa_Tabata

Hii nimeielewa mpaka mwisho. Ila "naomba mniwekee siku hizo mbili": ile Jumapili tunaiweka bure? Nikiitwa kwingine Jumapili kwa siku nzima na wewe hujui kama utanitumia, nifanyeje?

---

MamaRatiba

Ana haki. Siku ya akiba isiyolipwa usiwafunge watu kwayo. Ama walipe kidogo kwa kuishikilia, ama uandike kwamba ukipata kazi Jumapili ichukue, ila niambie siku hiyohiyo nitafute mtu mwingine. Kwa bajeti yenu nadhani ni hili la pili. Na saa ya kuondoka hujaiandika. Kamera saa 2 asubuhi, dereva atakuuliza mara mia.

Vingine ningeacha vilivyo. Hiyo sentensi ya kwamba dalili zilikuwepo tangu jana, prodyuza ameiona?

---

MratibuWaZamu

Ameiona. Alitaka ifutwe, nikamwambia dereva wa lori alimtumia yeye mwenyewe picha ya utabiri Ijumaa jioni. Akanyamaza.

---

WakiliWaMtaani

Bado nasema mmelipa zaidi ya mlivyodaiwa. Lakini hiyo ya maji sikuijua, nakubali.

---

KilifiSauti

Mtu wa sauti na ekstra hawafungui imeili, hilo mnalijua. Tuma imeili ibaki kama kumbukumbu, halafu kwenye kundi la WhatsApp bandika mistari mitatu: malipo, tarehe, saa ya mwisho ya kujibu. Na usiweke tarehe kwenye kundi kabla imeili haijatoka, watu watajibu huko na hutajua nani kasema nini.

---

HarusiHD

Samahani naomba kuuliza kwa mzee wa Dunda. Nina maharusi Desemba tarehe 27, wanataka picha ufukweni saa 11 jioni. Maji yatakuwaje?

---

Mzee_wa_Dunda

Angalia mwezi wa siku ile kwanza. Ukiwa mwandamo au mpevu, saa 11 jioni maji yako miguuni pa bibi harusi. Ukiwa nusu, utapata mchanga, ila usio mpana.

---

MratibuWaZamu

Nimerekebisha Jumapili, nimeongeza saa za kuondoka na nimetuma. Waliojibu mpaka sasa ni wachache, mmoja wao ni mdada wa mekapu aliyesema Jumamosi yupo lakini hapandi tena gari la kituoni Mwenge, afuatwe nyumbani Sinza. Nimemkubalia.

La dagaa bado. Dairekta anataka kungoja mwezi uandame, prodyuza anataka gunia za Kariakoo.

---

FundiTaa_Tabata

Mkienda na Kariakoo niite, nataka nione.